Mistari ya Pini, ya Penseli na ya Turubai: Soma Hapa Kabla ya Kukata Kitambaa

Wateja wetu wengi huchagua kitambaa cha mistari Barabara ya Biashara wakiwa wamekiinamia juu ya meza, kisha hutuletea tushone. Kwa umbali huo wa mkono, kila mstari unapendeza. Lakini nguo haitazamwi hivyo. Watu watakuona ukivuka barabara, ukiingia ukumbini, ukisimama mbele ya kamera, na huko mistari hubadilika.

Jicho lenye afya, kwa umbali wa mita 10, hutenganisha vitu vilivyoachana kama milimita 3 hivi. Vikikaribiana zaidi ya hapo, rangi zinachanganyika na kuwa moja. Kwa hiyo, unapokagua kitambaa, usitazame unene wa mstari peke yake. Tazama pia nafasi iliyopo kati ya mstari na mwenzake, maana mara nyingi hiyo ndiyo inayoamua.

Chukua mistari ya penseli, ile ya mashati. Mstari wake ni nyuzi mbili tatu tu, na nafasi nyeupe ni pana kuliko mstari wenyewe. Tuseme ni buluu juu ya nyeupe, na mistari imeachana moja ya nane ya inchi. Dukani utaona shati jeupe lenye mistari safi. Ng'ambo ya barabara, hasa kwa jua letu la saa sita, watu wataona shati la samawati hafifu lisilo na mstari wowote. Si kasoro hiyo. Kwa ofisini mimi naipenda sana. Ila kama ulitaka mistari ionekane, umechagua kitambaa kisicho chako.

Mistari ya pini, ile ya suti, ni uzi mmoja wa rangi nyepesi unaojitokeza nukta nukta juu ya kitambaa cheusi au cha bluu iliyokoza. Mara nyingi nafasi zake ni pana, nusu inchi hata zaidi, kwa hiyo haipotei haraka kama ya penseli, bali hufifia. Kwa mbali suti nyeusi huonekana imepauka kidogo. Ukitaka weusi ubaki, chagua nafasi pana badala ya kutafuta mstari mwembamba zaidi.

Ya turubai ndiyo isiyojificha. Mstari wake huanzia robo inchi kwenda juu, rangi moja kali na nyeupe, kwa kawaida upana sawa. Hii inasomeka toka mwisho wa mtaa, na kwa sababu hiyo kila kosa la fundi nalo linasomeka.

Neno moja kuhusu harusi. Kitambaa chenye mistari myembamba iliyosongamana hupigana na kamera. Kwenye video utaona mawimbi yanayocheza kifuani, na hakuna mshono wala pasi ya kuyaondoa. Kipige kitambaa picha kwa simu ukiwa mbali, halafu sogea polepole. Mawimbi yakionekana, hicho si cha bwana harusi.

Sasa swali tunaloulizwa kila siku: mistari ya kusimama inapunguza mwili, na ya kulala inanenepesha? Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz aliandika mwaka 1867 kinyume cha hayo: mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu zaidi, na uliojazwa ya kusimama huonekana mpana. Kwenye mwili, kwa maoni yangu, linaloleta shida zaidi ni kupinda. Mistari ya kusimama ikipita juu ya tumbo huvimba kwenda pembeni, na ya kulala hujipinda kufuata umbo. Mistari ikiwa mipana na ya rangi kali, jicho linafuata ule mpindo. Ndiyo maana mtu huyohuyo atakaa vizuri ndani ya penseli ya kusimama, na ndani ya turubai ya kusimama iliyombana ataonekana amevimba. Shati la turubai lahitaji nafasi ya kutosha mwilini, libaki likining'inia.

Nieleze kwa nini shati la turubai tunalitoza zaidi na linachukua muda. Chukua kitambaa chenye mstari wa rangi robo tatu ya inchi na mweupe robo tatu. Jozi moja ni inchi 1 na nusu. Mteja ana kifua cha inchi 42, tunamwongezea 6 za kupumua, shati linakuwa 48. Toka katikati ya kifua, penye vifungo, hadi mshono wa ubavuni ni inchi 12, yaani jozi 8 kamili. Tukiweka katikati ya mstari wa rangi penye vifungo, na vilevile katikati ya mgongo, mishono ya ubavuni nayo itaangukia katikati ya mstari wa rangi. Nusu ya mbele na nusu ya nyuma zinakutana na kuwa mstari mmoja mzima. Kibao cha vifungo cha inchi 1 na nusu kinabeba jozi moja, na mfuko wa inchi 4 na nusu unabeba tatu, kwa hiyo ukibandikwa sawasawa hauonekani kabisa.

Aje sasa mwenye kifua cha 44. Kwa hesabu ileile shati ni 50, na kila robo ni 12 na nusu. Hapo mshono unaangukia ndani ya mstari mweupe, umbali wa moja ya nane ya inchi toka kwenye rangi. Pande mbili zikishonwa, ubavuni unabaki uzi mweupe wa robo inchi mahali palipostahili robo tatu. Akiinua mkono tu, panaonekana kama nguo imekatwa vibaya. Dawa yake ni kumpa shati la inchi 51: kila robo inakuwa 12 na robo tatu, jozi 8 na nusu, na mshono unakaa katikati ya mweupe. Inchi moja ya ziada haisikiki mwilini. Kwa kitambaa cha penseli hatuhangaiki hivi ubavuni, kwa sababu tofauti ya moja ya nane ya inchi haigunduliwi na mtu.

Ukitaka turubai hiyo ilale badala ya kusimama, nunua zaidi. Kila kipande lazima kianzie kwenye mstari uleule ili vikutane ubavuni, na kwa kila kipande tunaweza kupoteza hadi jozi moja. Vipande vikubwa ni vitano: mgongo, mbele mbili, mikono miwili. Hiyo ni inchi 7 na nusu, kwa hiyo ongeza robo yadi.

Kabla ya kulipa dukani, geuza kitambaa. Mistari iliyofumwa inaonekana pande zote mbili. Iliyochapwa upande wa ndani hupauka. Iliyofumwa inafuata uzi wenyewe. Iliyochapwa huweza kwenda upogo, na hapo fundi hana pa kukimbilia: akifuata mstari, nguo inajisokota ikifuliwa, akifuata uzi, mistari inainama. Chomoa uzi mmoja ukingoni uone kama unakwenda sambamba na mstari. Ukiona ndani ya yadi moja vimeachana nusu inchi, hicho kinafaa foronya za mito ya sebuleni. Shati tutakuomba ulete kingine.