Barua kwa wanangu wauguzi mnaoandika falsafa yenu ya uuguzi

Wanangu, salaam.

Hizi wiki mbili mmenitumia rasimu nyingi, wengine mnaomba kutoka diploma kwenda digrii, wengine mnaomba vyuo vya nje, na wote mmeambiwa muambatishe "falsafa yako binafsi ya uuguzi" kurasa moja au mbili. Nimezisoma zote. Naandika kwa wote kwa pamoja maana kosa ni lile lile, na nimeona mnaumia kwa kitu ambacho mnacho tayari mikononi, ila hamjui kama ndicho kinachoulizwa.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Barua ya maombi inakuhusu wewe, umesoma wapi, umefanya kazi wodi gani, kwa nini unataka kozi hii. Falsafa ya uuguzi inahusu unachoamini kwamba uuguzi ni nini na hiyo imani inakufanya ufanye nini ukiwa zamu. Nusu yenu mmeandika ya kwanza mkaipa jina la pili. Mtu anaanza "tangu utotoni nilipenda kusaidia watu", anamaliza na wastani wake wa masomo, na katikati hakuna mgonjwa hata mmoja. Msomaji wa chuo akifika mwisho hajui ukipewa wodi ya vitanda thelathini usiku peke yako utaanza na nani.

Kuna kipimo nakitumia mwenyewe. Chukua sentensi yako, futa neno muuguzi weka mwalimu, au polisi. Kama bado inasimama, basi hujasema kitu cha uuguzi. "Naamini katika kumheshimu kila mtu bila kujali dini, kabila wala hali yake." Mwalimu anaweza kuisema, dereva wa basi anaweza kuisema. Si uongo, ila haijabeba mzigo wowote.

Sasa niwaoneshe kwa binti mmoja kati yenu, ameniruhusu, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane yeye wala mgonjwa wake. Yuko kituo cha afya, kitengo cha TB. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na thamani kumi na mbili zimepangwa kama orodha ya dukani, huruma, upendo, uadilifu, uwajibikaji, na kadhalika, hakuna hata moja iliyofanya kazi. Nikampigia simu nikamwambia acha thamani, niambie mgonjwa mmoja ambaye bado unamkumbuka ukiwa unaosha vyombo nyumbani.

Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia habari za baba mmoja aliyeanza dawa za TB, unajua zile za miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne na minne inayofuata dawa mbili, akaja vizuri wiki tatu halafu akapotea siku tisa. Kwenye kadi ameandikwa mtoro. Alipopatikana, wenzake walikuwa tayari kumkaripia, na kwa kweli hata yeye alikuwa na hasira, maana mtu akikatisha dawa hivi hivi usugu unakuja na hapo matibabu yanakuwa marefu na magumu zaidi. Lakini siku hiyo akauliza badala ya kukaripia. Baba akatoa sababu mbili. Ya kwanza, benchi la kusubiri dawa liko nje limetazama barabara, kila anayepita kwenda sokoni anamuona, na mtaani wameshaanza kumtenga. Ya pili, mkojo wake ulikuwa umegeuka rangi kama chungwa, akadhani dawa inamharibu figo, na alikuwa anaona aibu kumuuliza binti mdogo habari za mkojo. Yule binti akajua palepale kwamba ile rangi ni rifampisini tu na haina madhara, na akajua pia kwamba siku ya kwanza hakuna aliyemwambia, pamoja na yeye mwenyewe.

Alifanya nini? Alimrudisha kwa daktari apimwe upya na kuamuliwa matibabu yaendeleeje, akamueleza habari ya mkojo kwa lugha nyepesi, wakakubaliana aje saa moja na nusu asubuhi kabla foleni haijaanza, na akaongea na mganga mfawidhi benchi likahamia upande wa nyuma, penye kivuli na hewa inayopita vizuri, maana TB nayo haitaki chumba kilichofungwa. Baba akamaliza miezi sita.

Hapo ndipo falsafa yake ilipo. Nikamwambia sasa andika sentensi moja inayoanza na "naamini", na isimame juu ya yule baba. Alihangaika siku mbili, akaja na hii: "Naamini mgonjwa anayeacha dawa ana sababu ambayo kwake ina akili, na kazi yangu ya kwanza ni kuijua hiyo sababu kabla sijamfundisha chochote." Ipitishe kwenye kile kipimo changu uone. Dereva hawezi kuisema hiyo.

Kutoka hapo mpangilio unakuja wenyewe. Mtakutana na zile nguzo nne ambazo msomi wa Marekani Jacqueline Fawcett alizipanga miaka ya 1970 na 1980: mtu, mazingira, afya na uuguzi. Vyuo vingi vinataka kuona zote nne hata kama hawajaziandika kwenye swali. Wengi wenu mnazipa kila moja aya yake yenye tafsiri ya kitabuni, inakuwa kama mtihani wa darasani. Binti wetu hakufanya hivyo. Mtu ni yule baba mwenye aibu na watu wanaomtazama, hakumuita kesi wala mtoro. Mazingira ni lile benchi. Afya kwake haikuwa kohozi kuwa safi tu, ni pamoja na kuweza kupita sokoni bila kuinamisha kichwa. Uuguzi ni lile swali aliloliuliza na kazi iliyofuata. Akataja nadharia moja tu, ya Florence Nightingale kuhusu mazingira, akaandika kwamba Nightingale alisisitiza hewa safi, mwanga na usafi, na yeye anaongeza kwamba macho ya majirani nayo ni mazingira yanayoweza kumrudisha mgonjwa nyumbani bila dawa. Sentensi mbili zinatosha. Anayetaja nadharia nne kwenye ukurasa mmoja ananionesha kwamba hajakaa na hata moja.

Kwenye thamani ndipo nataka mkae zaidi. Chagueni mbili, tatu zikizidi sana. Kama hamjui pa kuanzia, someni kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, toleo la 2021, mtakuta heshima, haki, kuwa msikivu kwa mahitaji ya mtu, utunzaji, huruma, kuaminika, uadilifu. Ila thamani ukiitaja lazima uoneshe ilikugharimu nini, au iligongana na nini. Binti wetu alichagua siri ya mgonjwa na usalama wa jamii, na hizo mbili ziligombana mbele yake. Baba hakutaka mkewe ajue. Na nyumbani kuna watoto wawili chini ya miaka mitano, ambao ni lazima wachunguzwe, na wasipokutwa na ugonjwa wapewe dawa ya kinga. Ukishika siri peke yake watoto wanabaki hatarini, ukienda nyumbani kwake bila kumwambia umemvunjia imani na huenda akapotea tena. Akakaa naye, akamueleza hatari ya watoto bila kumtisha, akampa nafasi amwambie mkewe mwenyewe kwanza, na wakapanga siku. Baba akaja nao wote. Aya hiyo moja ilimuonesha msomaji jinsi binti anavyofikiri kuliko zile thamani kumi na mbili.

Uadilifu nao mnapenda kuuandika, haya basi nipeni uadilifu wa kweli. Mimi niliwahi kupokea zamu usiku nikakuta chati ya mgonjwa mapigo ya moyo ni themanini, themanini, themanini, masaa yote, mwandiko mmoja, wino mmoja. Nyie mnajua maana yake. Mgonjwa nilipomshika mkono yalikuwa yanakimbia zaidi ya mia na thelathini. Tangu siku hiyo kipimo ambacho sikukichukua naandika sikukichukua, na sababu. Ukiwa na kitu kama hicho, hata kidogo, ndicho uandike chini ya neno uadilifu. Na usimtaje mwenzako wala hospitali, andika wewe ulifanya nini baada ya hapo.

Wengi mmeandika uuguzi ni wito kutoka kwa Mungu. Sikatazi, na mimi ni mtu wa imani. Ila ukiandika hivyo endelea mbele useme huo wito unakufanya ufanye nini kwa mgonjwa wa dini nyingine, au kwa yule asiyetaka uombe naye. Ukiishia kwenye wito tu, msomaji hana cha kushika.

Urefu, kama hawajasema, maneno mia tano mpaka mia sita. Tukio lichukue kama robo, lisizidi, maana wengine mnaanza hadithi mnanogewa mpaka nafasi inaisha na imani haijatajwa. Halafu imani yako, halafu thamani na mgongano wake, halafu aya ya mwisho useme nini bado hujui kufanya na kozi hiyo itakusaidiaje hapo. Hapo semeni kwa wazi, binti wetu aliandika kwamba aliweza kuhamisha benchi moja lakini hajui namna ya kupima kama wagonjwa wengine nao wanaacha dawa kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo maana anataka somo la utafiti. Ni sentensi ndogo lakini imeiunganisha falsafa yote na kozi anayoomba. Wanaoomba Uingereza, someni pia yale maneno sita ya uuguzi wao, utunzaji, huruma, umahiri, mawasiliano, ujasiri na kujitoa, si ili muyanakili, ila mjue msomaji wenu amezoea kusikia nini.

Na mgonjwa mumfiche vizuri. Kuondoa jina hakutoshi. Ukiandika "mwenyekiti wa kijiji mwenye TB" kituo chote kimeshamjua. Badilisha umri, kazi, hata mwezi, mradi jambo lenyewe libaki.

Jana usiku binti aliniuliza kama afute ile sehemu inayosema hata yeye hakumwambia mgonjwa habari ya mkojo siku ya kwanza, anaogopa chuo kitamuona mzembe. Nimemwambia aiache, na chini yake aongeze sentensi moja, kwamba sasa hivi kila anayeanza dawa anamwambia habari ya mkojo kabla hajamkabidhi kidonge cha kwanza. Ameituma leo asubuhi.

Nyie wengine nasubiri zenu, anzeni na mgonjwa.

Mama yenu, muuguzi mstaafu