Saudade ya bibi wa chini

Lisbon, 9 Novemba

Shoga yangu Mwanajuma,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya. Mwaka jana uliniuliza hii saudade ya Wareno ni nini, nami nikakujibu mbiombio kwamba ni ile hamu ya kwao inayomshika mtu ugenini. Jibu lile nalifuta.

Aliyenisahihisha ni bibi wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa mtaa huuhuu wa Alfama, hajapata kuishi kwingine. Juzi nilimkuta anamenya viazi, akaniambia ana saudade ya marehemu mumewe, alivyokuwa akipiga mluzi ngazini kila akirudi kazini. Machozi yanamlengalenga, na huku anatabasamu. Sasa huyo kwao kupi, na yuko kwao?

Hamu ya nyumbani dawa yake nauli. Hata neno nostalgia lilianza hivyo: lilitungwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari kule Basel, likiwa jina la ugonjwa wa watu walio mbali na kwao, na tiba aliyoitegemea ni kumrudisha mgonjwa nyumbani. Siku hizi maana yake imesogea, imekuwa kama wazee wetu wakisikiliza zilipendwa na kuapa kwamba zamani mambo yalikuwa mazuri zaidi. Bibi huyu wa chini hasemi zamani ilikuwa bora, maana walikuwa mafukara. Anautaka mluzi ule mmoja tu. Tena ukimwambia utamwondolea hayo maumivu atakukatalia, kwa sababu ndiyo mahali pekee mumewe alipobaki.

Usidhani kila saudade ni ya msiba. Wakikutana baada ya miezi miwili, Wareno husema wanakwenda "kuua saudade", na kweli inakufa palepale mezani. Mimi nilikuwa nimeiona hiyo ndogo tu.

Mfalme wao Duarte, aliyetawala 1433 hadi 1438, aliandika sura nzima akiitenga saudade na huzuni na majuto. Alisema inatoka moyoni, si akilini, na kwamba mtu akikumbuka wakati uliopita bila kutamani kuurudia, huona raha. Akitamani kuurudia, huumia. Alidai pia kwamba hajui lugha nyingine yenye neno kama hilo. Wareno walituachia sisi meza, leso, bendera na gereza. Hili wakarudi nalo! Hamu yetu haitoshi, maana hamu ya pilau huisha kwa pilau.

Desemba nakuja, inshallah, na hamu yangu kwako itaisha siku ya kwanza, mbele ya viazi karai. Lakini baraza ya nyanya imeshavunjwa. Ile picha tuliyopigwa pale sote watatu, yeye anasuka ukili, bado unayo? Nitolee nakala, na usiikate pembeni. Nautaka na ule mlango.

Wako,
Zainabu