Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Kanuni ya 27 iko mezani kwako

Mheshimiwa Waziri,

Wiki ijayo nitasimama mbele ya mawakili wenzangu hapa Mwanza kwenye mdahalo wenye swali moja: sheria za kimila zipishe usawa uliomo kwenye Katiba, au zibaki zilivyo? Nimepangwa upande unaosema zipishe, nami nimepewa dakika kumi. Nilipokaa kuandika hotuba yangu niliona kwamba mengi niliyotaka kuyasema hayawahusu mawakili. Yanakuhusu wewe, na ndiyo maana nakuandikia hadharani kabla sijapanda jukwaani.

Naomba tuanze na maneno yenyewe. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 lina kanuni za urithi kwa makabila yanayofuata upande wa baba. Kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu, haruhusiwi kuiuza. Kanuni ya 27 inakwenda mbali zaidi. Inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Miaka michache iliyopita mama mmoja alikuja ofisini kwangu na mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, cheti cha ndoa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Karatasi hiyo ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Ilikuwa na sahihi kumi na moja, mbili kati yake za dole gumba, na ya kwake haikuwemo. Kikao kilikuwa kimempendekeza mdogo wa marehemu awe msimamizi wa mirathi. Mstari wa mwisho ulisema: mjane atatunzwa na watoto. Watoto wenyewe walikuwa wawili, mkubwa ana miaka tisa, mdogo hajaanza shule.

Nyumba iliyokuwa ikigombewa ilikuwa ya vyumba vitatu. Tofali zake zilitokana na fedha za dagaa alizokuwa akianika na kuuza yeye. Kwenye fomu ya orodha ya mali iliyopelekwa mahakama ya mwanzo, nyumba iliandikwa "mali ya marehemu", basi. Nilipolishika lile jalada na kuanza kupigania mapitio, nyumba ilikuwa imeshauzwa kwa mtu asiyejua lolote kuhusu ugomvi huo. Tulichelewa. Hadi leo naukumbuka ule mstari wa mwisho wa muhtasari, maana aliyeuandika hakuubuni. Aliuchukua karibu neno kwa neno kutoka kwenye tangazo la serikali.

Nakuomba uone jinsi mambo haya yanavyokwenda hatua kwa hatua, kwa sababu ubaguzi wenyewe umejificha kwenye utaratibu. Mtu akifariki, mahakama ya mwanzo hudai muhtasari wa kikao cha ukoo kabla ya kumteua msimamizi. Sheria haikuweka sharti hilo, ila imezoeleka mno hata makarani huliuliza kabla ya kuuliza cheti cha kifo. Kikao kinaitishwa na ndugu wa marehemu, na mke kwao ni mtu wa kuja. Hapo usimamizi unakwenda kwa shemeji. Kisha linaulizwa swali la sheria gani itumike, na mahakama hutazama marehemu aliishi vipi. Akitokea ndugu akasema marehemu alihudhuria misiba ya ukoo, alilipa mahari ya ng'ombe na alikuwa na shamba kijijini, basi aliishi kimila, na Kanuni ya 27 inaingia mlangoni.

Mjane yuleyule, laiti mumewe angeonekana ameachana na maisha ya kimila, angerithi chini ya sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado tunaitumia, na angepata theluthi moja, watoto wake wakapata theluthi mbili. Angekuwa Mwislamu na marehemu ameacha watoto, angepata thumni. Chini ya tangazo letu wenyewe, lililotolewa baada ya uhuru, hapati kitu. Na kama mumewe angempa talaka mwaka mmoja kabla ya kufa, angepata mgawo wa mali waliyochuma pamoja kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa hiyo mke aliyeachwa ana haki kuliko mke aliyemuuguza mumewe mpaka pumzi ya mwisho. Sijakutana na mzee wa Kisukuma wala wa Kihaya aliyeniambia kwamba hiyo ndiyo mila yao.

Hapo ndipo ninapotofautiana hata na wenzangu wa upande wangu. Wao husema mila imeshindwa, iondoke. Mimi nasema tunachokiita mila katika shauri hili ni karatasi ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilitaka makabila yanayofuata upande wa baba yawe na kanuni moja. Kazi iliongozwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika utumishi wa serikali, na wazee wa mabaraza wakaulizwa. Mila za watu wengi tofauti zikabanwa kwenye vifungu vyenye namba. Katika kubanwa huko, upande mmoja ulipata nguvu ya sheria na upande mwingine ukabaki maneno matupu. Haki ya ukoo kuchukua mali inatekelezwa na mahakama, kwa amri na mihuri. Wajibu wa kumtunza mjane hauna wa kuutekeleza. Mama yule wa dagaa angemshitaki nani? Mtoto wake wa miaka tisa?

Zamani mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Aliyechukua shamba alichukua na watu waliolitegemea, na asipowatunza wazee walimwita barazani. Leo anachukua nyumba Buhongwa, anaiuza, anarudi zake Geita.

Wapinzani wangu kwenye mdahalo wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wanasema mjane akipewa ardhi ya ukoo, kesho ataolewa kwingine au ataiuza kwa mgeni, na makaburi ya babu yatakuwa kwenye kihamba cha mtu mwingine. Hofu hiyo ni ya kweli kwa mtu wa Kagera au Kilimanjaro, ambako mgomba na kaburi viko kwenye uwanja mmoja. Jibu lake lilishatolewa mwaka 1990, tena katika ukanda wetu huu wa ziwa.

Bi Holaria Pastory wa wilaya ya Muleba alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa mzee, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri. Mahakama ya mwanzo ilitengua mauzo kwa kuwa mwanamke haruhusiwi kuuza. Mahakama ya wilaya ikayarudisha, na shauri likafika Mahakama Kuu mbele ya Jaji Mwalusanya. Jaji alisema kizuizi kinachomfunga mwanamke peke yake hakiwezi kusimama mbele ya Ibara ya 13 ya Katiba. Lakini hakuufuta mfumo wote. Mwanamume wa ukoo anapouza ardhi ya ukoo bila ridhaa, ndugu wana nafasi ya kuikomboa kwa kurudisha fedha ya mnunuzi. Jaji akaiacha nafasi hiyo na kuielekeza pia kwa ardhi iliyouzwa na mwanamke: mpwa alipe 300,000 ndani ya miezi sita, akishindwa shamba ni la mnunuzi. Ukoo haukupoteza ulinzi wake. Ulichopoteza ni kumtendea binti tofauti na kaka yake.

Hukumu hiyo ilitolewa wakati neno "jinsia" halijaingia kwenye tafsiri ya ubaguzi katika Ibara ya 13(5). Liliingizwa mwaka 2000. Ungetarajia baada ya hapo njia iwe nyepesi. Wajane wawili wa Shinyanga, ambao mashemeji waliwatoa kwenye nyumba zao, walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni hizi. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zina ubaguzi, kisha ikakataa kuzitengua, ikihofia kwamba makabila yetu zaidi ya 120 yangefungua mashauri yasiyo na mwisho. Rufaa yao ikakaa miaka minne, na mwaka 2010 ikaondolewa kwa kasoro ya tarehe kwenye hati ya Mahakama Kuu. Tarehe, Mheshimiwa. Wakaenda kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na Machi 2015 kamati ikaona nchi yetu imevunja mkataba, ikataka wajane hao walipwe fidia na kanuni zirekebishwe.

Majaji wakisema kubadili mila si kazi yao, basi ni kazi ya nani? Kifungu cha 12 cha Sura ya 358, sheria inayosimamia jinsi sheria za kimila zinavyotumika mahakamani, kinajibu. Halmashauri ya wilaya inaweza kuandika pendekezo la kurekebisha sheria ya kimila ya eneo lake, na Waziri akiridhika hulipatia nguvu ya sheria kwa amri inayotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Njia iliyotumika mwaka 1963 kuileta Kanuni ya 27 iko wazi leo kuiondoa. Haihitaji kura ya maoni. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, tayari inasema mila inayomnyima mwanamke fursa halali ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili, kwa hiyo utakachofanya ni kulinganisha tangazo la zamani na sheria ambayo Bunge limeshapitisha.

Ninachokuomba ni mambo mawili. La kwanza, ziandikie halmashauri za wilaya zinazofuata Tangazo Na. 436, uzitake zikae na wazee, wanaume kwa wanawake, zilete marekebisho ya Kanuni ya 20 na ya 27 kwa tarehe utakayoitaja. Binti auze kwa masharti yaleyale ya kaka yake, na nafasi ya ukoo kukomboa ibaki kwa wote. Kwa mjane, kabla ya kugawa chochote, itengwe kwanza sehemu yake katika mali waliyochuma pamoja, kama inavyofanywa kwenye talaka, kisha ndipo ahesabiwe miongoni mwa warithi wa kilichobaki.

La pili ni dogo, na lingemsaidia yule mama kuliko hukumu yoyote. Kanuni za mirathi katika mahakama za mwanzo ziseme bayana kwamba muhtasari wa kikao cha ukoo si sharti la kufungua mirathi, na pale unapoletwa bila sahihi ya mjane aliye hai, hakimu amwite mjane huyo na kumsikiliza kabla ya kumteua msimamizi. Najua mamlaka ya kutunga kanuni hizo si yako peke yako. Lakini barua ikitoka kwako itafunguliwa haraka kuliko ikitoka kwangu.

Mdahalo wetu ni Ijumaa. Nitaisoma barua hii badala ya hotuba.

Wako katika utumishi wa sheria,

Wakili, Mwanza