Hisa ya 80 na hisa ya 400: ipi ni ghali?

Swali hili wateja hutuletea mara kwa mara. Kampuni mbili zimepata faida ileile, 10 kwa kila hisa. Hisa ya moja inauzwa 80, ya nyingine 400. Kwa nini mtu anunue ya 400?

Ya 80 ndiyo anayoitafuta mwekezaji wa thamani. Mara nyingi ni benki, kiwanda cha saruji au kampuni ya bima: biashara iliyokomaa, inayolipa gawio, ila soko limeichoka. Unalipa mara 8 ya faida ya mwaka. Ya 400 ni ya mwekezaji wa ukuaji, tuseme kampuni ya programu za kompyuta. Haitoi gawio, kwa sababu faida yote inarudi kwenye biashara, nawe unalipa mara 40.

Tupige hesabu ya miaka mitano. Faida ya kampuni ya programu ikikua kwa asilimia 25 kila mwaka, itafika kama 30 kwa hisa. Lakini kampuni ikishakuwa kubwa, soko huacha kuilipia mara 40. Likilipa mara 15, hisa itakuwa 450. Kampuni imefanya vizuri mno, na wewe umepata 50 tu! Ukuaji ukiwa asilimia 10, faida itafika 16 na hisa itashuka hadi 240.

Haya yalishatokea. Cisco, kampuni ya Marekani ya vifaa vya mitandao ya kompyuta, ilikuwa kipenzi cha soko mwanzoni mwa mwaka 2000. Faida yake ya mwaka 2010 ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya 2000, lakini hata mwaka 2020 hisa ilikuwa bado haijarudi kwenye kilele chake cha zamani. Kampuni haikufa, walionunua kileleni ndio waliolipa kupita kiasi.

Ile ya 80 haihitaji miujiza. Faida ibaki 10, gawio liwe 5 kwa mwaka, soko lilipe mara 10 badala ya 8: baada ya miaka mitano una hisa ya 100 na gawio la 25 mkononi.

Hata hivyo, sisi tunaiogopa zaidi hii ya bei rahisi, kwa sababu hatari yake haionekani haraka. Ile mara 8 imetokana na faida ya mwaka jana. Faida ikiporomoka hadi 4, wewe kumbe ulinunua kwa mara 20. Dalili huwa zipo kwenye taarifa za fedha: mauzo yanapungua mwaka hadi mwaka, faida inaandikwa lakini fedha taslimu haziingii, na gawio linalipwa kwa mkopo.

Kwa hiyo ukija na jina la kampuni, njoo na taarifa zake za miaka mitano. Tutaanza na ukurasa wa mtiririko wa fedha, kabla ya kuangalia bei.