Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini: mali imepanda, pensheni yetu imesimama

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa heshima zote ninazodaiwa na cheo chako, nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za faragha hazijajibiwa. Wiki iliyopita wastaafu tumepokea waraka wa ofisi yako unaosema nyongeza ya pensheni imesitishwa "kutokana na hali ya mfuko". Mwezi huohuo ulisimama mbele ya wanachama ukatangaza kuwa mali ya mfuko imekua kwa asilimia 4 na ukatupongeza. Mke wangu aliniuliza inawezekanaje mfuko uliopata faida ukose fedha za nyongeza. Swali hilo lilikuwa lako kulijibu, Mwenyekiti. Kwa kuwa umenyamaza, nitalijibu mimi, maana nimekula mkate wa uhasibu maisha yangu yote na taarifa ya tathmini ya uhai wa mfuko nimeisoma hadi viambatisho.

Nitazikata nambari ziwe nyepesi. Kwenye tathmini iliyopita mfuko ulikuwa na mali ya 102 dhidi ya deni la pensheni la 100. Uwiano ulikuwa asilimia 102, ziada ilikuwa 2. Kwenye mkutano ule uliita ziada hiyo "ngao ya wastaafu", nasi tukakupigia makofi. Tena ni kwa ziada hiyohiyo mwajiri aliruhusiwa kupunguza michango yake.

Ambacho hakikusemwa ukumbini kimeandikwa kwenye kiambatisho. Mali yetu imelala kwenye amana za benki na hati fungani fupi, na muda wake wa wastani ni miaka 4. Deni letu ni la watu watakaolipwa hadi uzeeni, wengine bado wako kazini, na muda wake wa wastani ni miaka 14. Kipimo hiki hupatikana kwa kuyapa malipo yote yajayo uzito kulingana na thamani yake ya leo, kisha kutafuta wastani wa miaka ya kuyasubiri. Kikirekebishwa kidogo kwa kiwango cha riba, kinatuambia jambo la pili ambalo ndilo kiini cha barua hii: riba ya soko ikisogea kwa asilimia moja, thamani itasogea upande wa pili kwa takriban asilimia ngapi. Mali yetu itasogea 4. Deni letu litasogea 14.

Sasa riba za muda mrefu zimeshuka, tuseme kutoka asilimia 8 hadi 7. Weka pembeni michango na malipo ya mwaka, tazama riba peke yake. Mali ya 102 imepanda ikawa 106. Hiyo ndiyo asilimia 4 uliyotutangazia, na sisemi ulidanganya. Lakini deni la 100 limekuwa 114, kwa sababu pensheni ya miaka ishirini ijayo inahitaji fedha nyingi zaidi leo ikiwa fedha hizo zitazaa kidogo. Uwiano umeanguka kutoka asilimia 102 hadi 93. Ziada ya 2 imegeuka nakisi ya 8. Na haya ni makadirio ya huruma, kwani riba ikishuka deni la mbali hupanda zaidi kidogo ya hesabu hii ya mstari ulionyooka.

Umesimama upande mmoja wa mizania ukatutangazia kilichopanda, Mwenyekiti. Nyongeza yangu imekatwa kwa kilichopanda upande wa pili.

Najua jibu la Bodi, nimelisikia tangu ningali kazini: amana na hati fupi ni salama, hazitikisiki. Kwa mtu anayehitaji fedha zake mwakani, ni kweli. Kwa mfuko unaodaiwa kwa miongo, kila amana inapoiva inabidi iwekezwe upya kwa riba ya siku hiyo, ambayo huenda ni ndogo, huku ahadi kwa mstaafu iko palepale. Nadhani, na hapa nakisia, Bodi inapenda uwekezaji mfupi kwa sababu taarifa ya mwaka hutoka imetulia, na meneja wa uwekezaji hupimwa kwa faida ya mali tu, hapimwi kwa deni. Kama ndivyo, hakuna aliyeajiriwa kuilinda ile ngao.

Nikiwa mkweli, riba ingepanda kwa asilimia moja tungesherehekea. Mali ingeshuka hadi 98, deni lingeshuka hadi 86, uwiano ungefika 114. Ndiyo maana nasema ziada ya 2 haikuwa ngao. Mfuko wenye pengo la miaka 10 kati ya mali na deni unayumba takriban asilimia 10 ya uwiano kwa kila asilimia moja ya riba, juu au chini. Ziada ya 2 ilikuwa inatosha kuvumilia kushuka kwa riba kwa moja ya tano tu ya asilimia. Na kwa ziada hiyo tukamsamehe mwajiri michango!

Dawa inajulikana tangu Frank Redington, mtakwimu bima wa Uingereza, alipoieleza mwaka 1952: linganisha usogeaji wa mali na usogeaji wa deni. Lakini Bodi iamue kwanza inalinda nini. Tulipo sasa, mali 106 na deni 114, mali yenye muda wa miaka 14 sawa na deni italinda uwiano. Riba ikishuka tena, vyote vitapanda kwa asilimia 14, uwiano utabaki 93, ila nakisi itatoka 8 na kupita 9. Kuizuia nakisi yenyewe isikue kunahitaji mali yenye muda wa miaka 15 hivi. Haya ni maamuzi mawili tofauti, na katika kumbukumbu za vikao mlizotugawia sioni lolote lililojadiliwa.

Wala siombi mkimbilie mikopo kurefusha mali kwa haraka. Mifuko mingi ya Uingereza ilifanya hivyo, na Septemba 2022 riba zilipopanda ghafla ilidaiwa dhamana ya fedha taslimu kwa siku chache, ikauza hati fungani kwa pupa, hadi Benki Kuu ya Uingereza ikaingia sokoni tarehe 28 kununua. Deni lao lilikuwa limeshuka pia. Kilichowabana ni fedha mkononi. Kurefusha polepole, amana zinapoiva, kwa hati fungani ndefu zinazopatikana, hakuna hatari hiyo.

Mwajiri arudishe michango yake kamili, hilo nalo nalidai. Lakini uliahidi uwazi siku ulipoteuliwa, na mimi dawa zangu nazinunua kwa pensheni isiyoongezeka, kwa hiyo nitabaki na ombi moja ambalo halina gharama. Kila unapotangaza faida ya mali, tangaza kwenye ukurasa huohuo muda wa wastani wa mali, muda wa wastani wa deni, na uwiano utakuwaje riba ikishuka kwa asilimia moja. Mtakwimu bima wenu anazo nambari hizo tayari. Zitoe kabla ya mkutano mkuu ujao, Mwenyekiti. Zitoe hata kama ni mbaya.

Wako katika mfuko,
Mwanachama mstaafu