Kampuni iliyolala bado inadaiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wale waliosajili kampuni, biashara isianze, wakaiacha hivyo hivyo wakiamini kwamba isiyofanya kazi haidaiwi kitu. Mimi ni mtunza hesabu hapa Ilala na watu wa namna hii wanafika mezani kwangu kila mara, kwa kawaida siku benki au mzabuni mwenzao anapowataka walete taarifa ya upekuzi, yaani hali ya kampuni kwenye rejista, kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 haiulizi kama umeuza. Inataka kila kampuni iwasilishe taarifa ya mwaka ndani ya siku 28 baada ya tarehe inayolingana na ile iliyosajiliwa. Taarifa yenyewe si mahesabu ya faida na hasara. Inaeleza ofisi iko wapi, wakurugenzi na katibu ni nani, na nani ana hisa ngapi, mambo ambayo hata kampuni isiyo na akaunti ya benki inayo. Wengine hunijibu kwamba TRA walishapelekewa ritani ya sifuri. Hiyo ni ya kodi, na BRELA hawaihesabu.

Mwishoni mwa Mei 2025 walinijia vijana wawili ambao kampuni yao ilisajiliwa tarehe 10 Mei 2019. Hawakuwahi kuuza hata karatasi. Taarifa yao ya kwanza ilitakiwa ifike kabla ya tarehe 7 Juni 2020 kupita, na hawakuwasilisha hiyo wala zilizofuata. Ada ya kila taarifa ni shilingi 22,000, na ikichelewa huongezeka shilingi 2,500 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Wao walipiga hesabu ya miezi 60 mara 2,500, wakapata 150,000, wakapumua. Nikawaambia wasubiri kwanza. Kila taarifa ina deni lake. Ya 2020 ilikuwa imechelewa miezi 60, ya 2021 miezi 48, ya 2022 miezi 36, ya 2023 miezi 24 na ya 2024 miezi 12. Jumla ni miezi 180, yaani shilingi 450,000 za adhabu. Ongeza ada za taarifa sita, pamoja na ya 2025 ambayo ilikuwa bado ndani ya muda, 132,000. Wakalipa 582,000 kwa kampuni ambayo haijaingiza senti. Mwaka wa kwanza deni lilipanda kwa 2,500 kwa mwezi; kufikia mwaka wa tano lilikuwa linapanda kwa 12,500.

Kisha niliwauliza kama waliwahi kupata barua ya BRELA. Hawakupata, na isingewezekana wapate. Ofisi waliyoandikisha ilikuwa chumba cha mbele katika nyumba ya zamani pale Kariakoo, nyumba iliyokwisha kuvunjwa kupisha ghorofa. Nani ataipokea barua hapo, fundi wa zege? Barua iliyopelekwa kwenye ofisi iliyosajiliwa huhesabika kuwa imefika kwa kampuni, uwe umeisoma au hukuisoma. Kuhama ni ruhusa, ila Msajili wa Makampuni anatakiwa ajulishwe mapema, na si sanduku la posta tu bali mtaa, kiwanja na jengo. Kibaya zaidi, aliyewasajilia alitumia barua pepe yake mwenyewe kwenye ORS, mfumo wa BRELA wa usajili kwa mtandao, kisha akabadilisha namba ya simu. Tuliitafuta akaunti yao kabla hatujagusa taarifa hata moja.

Wapo wanaoona bora waiache kampuni ifutwe yenyewe. Msajili ana uwezo huo: huuliza kwa barua kama kampuni bado inafanya kazi, na asipojibiwa hutangaza katika Gazeti la Serikali kisha huifuta. Lakini mali yoyote iliyobaki kwa jina la kampuni, kiwanja au fedha za benki, huangukia Serikali, na dhima ya wakurugenzi haifutiki pamoja na jina. Kuirudisha kwenye rejista ni safari ya mahakamani, na gharama yake hailingani na hizi 22,000. Asiyeitaka tena kampuni, na haina deni kwa mtu, aombe mwenyewe ifutwe, akiwa amekwisha kuweka taarifa zake sawa.

Kwa BRELA nina ombi moja. Namba za simu za wakurugenzi mnazo, na tarehe ya usajili mnayo. Ujumbe mfupi wiki mbili kabla ya muda kwisha, ukimfikia mkurugenzi mwenyewe badala ya aliyemsajilia, ungewafikia wengi ambao barua zao sasa zinaishia kwenye nyumba zilizobomolewa.

Mtunza hesabu,
Ilala, Dar es Salaam