Makato ya CNSS kwenye buletini si risiti

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi wafanyakazi wengi wakiona neno CNSS, yaani kashe ya taifa ya hifadhi ya jamii, kwenye buletini ya mshahara hutulia. Mstari ule unaonyesha kwamba pesa imekatwa, basi. Kama imefika kwenye kashe, hausemi.

Tuchukue mlinzi wa depo huko Kampemba. Mshahara wake wa msingi ni franka 250,000, na kila mwezi anapata primu ya 150,000, jumla 400,000. Yeye anakatwa asilimia 5 ya pensheni, yaani franka 20,000. Patroni naye anatoa asilimia 13 mfukoni mwake: 5 za pensheni, 6.5 za posho za familia na 1.5 za ajali na magonjwa ya kazini. Hizo ni franka 52,000. Basi si zaidi ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, franka 72,000 zinatakiwa ziwe zimelipwa kwa jina la mlinzi huyo.

Mchezo unaoonekana sana ni huu: mlinzi anakatwa kwa 400,000, lakini tangazo la mishahara linalopelekwa CNSS linaandika 250,000 tu. Zinalipwa 45,000. Katika zile 27,000 zilizopungua, 7,500 zimetoka moja kwa moja kwenye mshahara wa mlinzi. Pesa ya nyumba na ya usafiri haihesabiwi, ni kweli, ila primu inahesabiwa, na kuibatiza jina la “usafiri” hakuibadilishi. Pensheni hupigwa kwa mshahara uliotangazwa, kwa hiyo uzee wake unapunguzwa tangu leo.

Wengine wana kosa la kimya zaidi. Kampuni ina namba yake ya afiliasio, ikadhani imemaliza. Lakini kila mfanyakazi lazima aandikishwe naye, apate namba yake ya matrikili, hata jurnalie anayelipwa kwa siku, hata aliye kwenye majaribio. Pesa ikilipwa bila matrikili, au jina likiandikwa vibaya, haimwangukii mtu. Pensheni ya uzeeni inadai miezi 180 na umri wa miaka 60. Miezi isiyo na jina huonekana siku ya kuomba pensheni, wakati kampuni pengine imeshafungwa.

Mwenye deni kisheria ni patroni, kwa mafungu yote mawili, lake na la mfanyakazi. Akichelewa anaongezewa majorasio, anaandikiwa onyo rasmi, na akiendelea kunyamaza kashe inaweza kumkamatia hata pesa zilizo benki. Kusema “sikuwakata” hakumwokoi, na aliyekata akatumia ana kesi mbaya zaidi.

Mfanyakazi aende mwenyewe ofisi ya CNSS na kitambulisho, matrikili na buletini za mwaka mmoja, aombe hali ya michango yake. Alinganishe mwezi kwa mwezi, na mshahara kwa mshahara. Pakiwa na pengo, aache nakala pale, nyingine aipeleke kwa inspekta wa kazi, na kila moja aombe igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Mtunza hesabu za mishahara,
Lubumbashi